Piramidi sita, sanduku moja: shajara ya kujenga jumla ya miraba kwa mbao, Goma

Kila mwaka naandika ubaoni fomula ile ile mbele ya wanafunzi wa mwaka wa sita:

Σ k², k = 1 hadi n, ni sawa na n(n + 1)(2n + 1) / 6

Kila mwaka pia mkono unanyooshwa nyuma ya darasa: "Mwalimu, hiyo sita inatoka wapi?" Nimezoea kujibu kwa uthibitisho wa mistari kumi na miwili ambao wanaunakili vizuri na kuusahau vizuri. Safari hii nimeamua sita hiyo waishike kwa mikono. Naandika hatua kwa hatua ili mwalimu mwingine akitaka kutengeneza kifaa hiki asilipie makosa niliyolipia mimi.

4 Machi: Wazo

Jumla ya miraba inaweza kujengwa. Tabaka la chini ni mraba wa vitu 4 kwa 4, juu yake 3 kwa 3, kisha 2 kwa 2, na kileleni kimoja. Ukihesabu kutoka kileleni kushuka unapata 1, 4, 9, 16. Ndiyo alama ya sigma inavyosema ukiifungua: chini ya Σ kuna k = 1, juu kuna 4, pembeni kuna k². Weka k = 1, andika matokeo. Weka k = 2, andika. Endelea kwa kupanda moja moja mpaka ufike namba ya juu, ambayo nayo inahesabiwa. Mwisho jumlisha ulichoandika:

1² + 2² + 3² + 4² = 1 + 4 + 9 + 16 = 30

Piramidi moja basi ni vipande 30. Piramidi sita za namna hiyo ni vipande 180, na 180 ni 4 × 5 × 9. Namba hizo tatu ni n, n + 1 na 2n + 1 pale n inapokuwa 4. Kwa hiyo piramidi sita zinapaswa kujaza sanduku lenye pande 4, 5 na 9 bila kubakiza tundu. Nasema "zinapaswa" kwa sababu hesabu za ujazo kulingana hazithibitishi kwamba maumbo yatakubali kuingiana. Hilo nitalijua vipande vikiwa mezani.

Mbao ni ya mkaratusi, upande wa kila kipande sentimita 3. Fundi ninayemtegemea hutengeneza chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, na mkono wake umezoea mti huo. Michemraba yangu ameiita "vitofali", na jina limeshika.

9 Machi: Oda

Nilikuwa na rundo la kazi za kusahihisha, nikampa mpwa wangu karatasi yenye Σ k², k = 1 hadi 4, nikamwambia atafute idadi ya piramidi moja, azidishe kwa sita, apige hesabu ya miti. Alirudi baada ya dakika tano na jibu la vitofali 600. Kila mti una urefu wa mita 1.20, unatoa vipande 40 vya sentimita 3, hivyo miti 15. Kila mti dola 3. Nilitoa dola 45 bila kuangalia karatasi yake. Msomaji makini ameshaona kosa, kwa sababu 600 si 180. Mimi nililiona baada ya siku sita.

11 Machi: Msumeno nao unakula

Fundi amenipigia simu: kila mti umetoa vitofali 36, si 40. Hilo ni kosa letu sote watu wa ubao na chaki. Msumeno wake unakula milimita 3 kila unapopita, kwa hiyo kitofali cha milimita 30 kinagharimu milimita 33 za mti. Gawanya 1,200 kwa 33, unapata 36 na kichele kidogo. Miti 15 imetoa vitofali 540, navyo havifiki 600. Nimeongeza miti miwili, dola 6. Sasa tuna vitofali 612.

Ukitaka kuiga kazi hii, pima kwanza njia ya msumeno wako kwenye kipande cha takataka. Ya fundi wako inaweza kuwa milimita 2 au 4.

15 Machi: "Hii mingine yote ni ya nini?"

Leo nimekwenda karakana. Fundi alikuwa ameshapanga piramidi sita bila gundi, kwa kufuata mchoro wangu. Zilikuwa zimekaa juu ya meza, na sakafuni kulikuwa na gunia zima limejaa vitofali.

"Mwalimu," akaniuliza, "hii mingine yote ni ya kufanya nini?"

Nilimwambia ahesabu tena piramidi moja. Akahesabu, thelathini. Nikatoa simu, nikamwomba mpwa wangu anisomee karatasi yake. Alikuwa ameandika hivi:

1 + 2 + 3 + 4 = 10
10² = 100
100 × 6 = 600

Alijumlisha kwanza, akaweka mraba baadaye. Sigma ya k² inataka kinyume: kila k ipewe mraba wake ikiwa peke yake, ndipo zijumlishwe. Ni 30 dhidi ya 100, na tofauti hiyo inazidi kukua n inapopanda. Kwa n = 10 jumla ya miraba ni 385, ilhali mraba wa jumla ni 3,025.

Nimetumia nusu saa nikiwaza kwa nini kijana mwenye akili anateleza hapo. Nadhani ni jinsi tunavyoisoma alama kwa mdomo. Tunasema "jumla ya k, mraba", na sikio linasikia jumla iliyopewa mraba. Kuanzia leo nasoma "jumla ya miraba ya k", nawalazimisha wanafunzi wangu wasome hivyo pia. Ile nyingine ina uandishi wake wenye mabano: (Σ k)².

Kuna namna ya kuliona kosa hili bila fomula. Namba ya mwisho katika orodha ni kubwa kuliko zote, yaani n², na ziko n. Jumla ya miraba basi haiwezi kamwe kuzidi n × n². Kwa n = 4 dari ni 64. Mtu akikuletea 100, amepita dari, mrudishie karatasi yake.

Mimi sikurudisha. Hesabu ya kweli ilitaka miti 5, au 6 kwa tahadhari. Nilinunua 17.

20 Machi: Keki ya harusi

Kosa la leo ni langu kabisa, wala hakuna mpwa wa kumsingizia.

Nilibandika piramidi mbili za kwanza kwa kola, kila tabaka likiwa katikati ya lile lililo chini yake, kama keki ya harusi. Zilipendeza sana. Zilipokauka nikajaribu kuzikutanisha, zikakataa kila upande. Sababu inaonekana ukiinama usawa wa meza. Tabaka la vitofali 3 likikaa katikati ya tabaka la 4, linaacha ukingo wa nusu kitofali kila upande. Ngazi zote zinakuwa na upana wa nusu na kimo cha kizima. Ukiilaza piramidi ya pili juu ya ngazi hizo, vimo na mapana havikutani: pale panapotakiwa kitofali kizima kuna nafasi ya nusu.

Dawa ni kusukuma matabaka yote kwenye kona moja. Piramidi sahihi kwa kazi hii ina pande mbili zilizonyooka wima kama ukuta, zinazokutana kwenye kona moja, na pande mbili zenye ngazi. Kila ngazi sasa ina upana wa kitofali kizima na kimo cha kitofali kizima. Idadi haibadiliki, bado ni 30. Jumla haijali vitofali vimekaa wapi, lakini kuingiana kunajali.

Kubandua kola kavu kwa patasi kumenivunjia vitofali 33 kati ya 60. Mkaratusi unapasuka kwa kufuata nyuzi zake, hausikii dua. Kwa mara ya kwanza nimelishukuru lile gunia la sakafuni.

Tukiwa hapo fundi akatengeneza kipimo ambacho nisingekifikiria: mfereji wa mbao wenye upana wa milimita 30 kamili. Kila kitofali kinapitishwa humo kwa pande zake zote tatu. Kikikwama au kikicheza, kinatupwa pembeni. Tumetoa 41. Nilimwambia ni uchaguzi mkali, akanijibu kwamba milimita moja ya kitofali kimoja ni milimita tisa kwenye upande wa vitofali tisa. Hilo nalo ni sigma, ingawa yeye haiiti hivyo: Σ 1, k = 1 hadi 9, ni 9.

Vilivyobaki vizima: 612 − 33 − 41 = 538.

27 Machi: Tatu za kwanza zimekubali

Piramidi zote sita sasa zimebandikwa kwa kona. Leo nimefanikiwa kuunganisha tatu, naandika namna, kwa kuwa michoro niliyonayo haieleweki hata kwangu.

Ya kwanza iweke mezani juu ya kitako chake cha 4 kwa 4, ile kona yake ya wima ikiwa mbali nawe upande wa kushoto. Ngazi zake sasa zinashuka kuelekea kulia na kuelekea kwako. Ya pili na ya tatu zinalala ubavu juu ya ngazi hizo. Kitako cha moja kinatazama kulia, cha nyingine kinakutazama wewe, na kila moja ina upande mmoja laini unaoelekea juu. Sogeza taratibu, zitaingia kama vidole vya mikono miwili.

Kinachotokea ni kizuizi cha 4 kwa 4 chenye kimo cha 5, kimejaa ndani bila tundu. Hivyo ni vitofali 80. Tatu zina 90, kwa hiyo kumi lazima viwe mahali fulani, na kweli viko: vimechomoza ubavuni kama ngazi ya unene wa kitofali kimoja, safu za 1, 2, 3 na 4. Jumla yake ni Σ k, k = 1 hadi 4, nayo ni 10. Ubavu wenyewe ni mstatili wa 4 kwa 5, yaani nafasi 20, na ngazi imefunika nusu yake kamili.

Nilikaa nikiitazama kwa muda. Fomula iko pale mezani kabla hata ya kufika piramidi sita. Piramidi tatu ni kizuizi cha n × n × (n + 1), pamoja na nusu ya tabaka la n × (n + 1). Yaani n × (n + 1) × (n + ½). Gawanya kwa tatu upate piramidi moja. Ile nusu ndiyo inayotulazimisha kuzidisha kwa mbili ili kuondoa sehemu, na mbili mara tatu ndiyo sita ambayo wananiuliza kila mwaka. Tatu inatoka kwenye piramidi tatu za kizuizi, mbili inatoka kwenye ngazi.

29 Machi: Tatu za pili zimegoma

Nilidhani leo nitamaliza. Niliunganisha tatu zilizobaki kwa maelekezo yale yale niliyoandika juzi, neno kwa neno. Nikapata kizuizi cha pili chenye ngazi kama ile. Kilichobaki ni kukigeuza, ngazi ikutane na ngazi, zijaze mstatili wa 4 kwa 5.

Zimegoma. Nikikipindua juu chini, safu ya 4 inagongana na safu ya 4. Nikikigeuza kushoto kulia, ngazi zote mbili zinakaa juu na chini panabaki patupu. Nilijaribu mpaka umeme ukakatika, nikaendelea kwa taa ya simu. Mke wangu alipita akaniambia, "Papa, unajaribu kuvaa viatu viwili vya mguu mmoja." Alikuwa anatania. Nikaweka kizuizi chini nikacheka, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Vizuizi vyangu viwili vilikuwa vyote vya "kulia". Ngazi ya kwanza ikijaza nusu ya mstatili, nusu iliyobaki ina umbo lile lile lililozungushwa nusu duara. Lakini ngazi ya pili inakuja ikitazamana na ya kwanza, na vitu vinavyotazamana vinahitaji kuwa kama mtu na taswira yake ya kioo. Hakuna namna ya kugeuza kiatu cha kulia kikawa cha kushoto, hata ukikizungusha mwaka mzima.

Kwa bahati, piramidi yenyewe moja moja haina kulia wala kushoto. Kona yake ya wima ina pande mbili zinazofanana, kwa hiyo taswira yake ya kioo ni yenyewe. Hakuna cha kubandua, wala patasi. Kinachobadilika ni mpangilio tu. Katika kizuizi cha kwanza, piramidi iliyokutazama ndiyo iliyochomoza kushoto kwa kitofali kimoja, na ile ya kulia ilikaa ndani. Katika cha pili, fanya ile ya kulia ichomoze upande wa mbali nawe, ile inayokutazama ikae ndani. Ngazi inatoka ubavu mwingine, na sasa ni ya "kushoto".

Saa nne kasoro usiku ngazi mbili ziliingiana. Sanduku la vitofali 4 kwa 5 kwa 9, yaani sentimita 12 kwa 15 kwa 27. Rula haikuona tofauti ya hata milimita mbili, na sifa hiyo ni ya mfereji wa fundi.

Anayeiga: paka rangi mbili. Piramidi za kizuizi cha kulia ziwe na alama nyekundu kwenye kitako, za kushoto buluu. Itakuokoa usiku mzima.

3 Aprili: Darasani

Wanafunzi walivunja sanduku na kulijenga upya mara tano. Wa nyuma aliyezoea kuuliza habari ya sita hakuuliza. Alishika ngazi ya vitofali kumi akasema, "Mbili ni hii." Nikaendelea.

Niliwaambia pia kwamba kanuni hii ni ya zamani kuliko alama yake. Aryabhata wa India aliitoa kwa maneno mwaka 499: idadi ya matabaka, idadi hiyo ukiongeza moja, na mara mbili yake ukiongeza moja, zizidishwe, kisha ichukuliwe sehemu moja ya sita. Herufi Σ kama alama ya jumla ililetwa na Euler mwaka 1755. Kwa hiyo watu walijumlisha miraba zaidi ya miaka elfu moja bila sigma, nasi tunaogopa sigma kabla ya kujumlisha.

Kisha nikawapa hesabu ambayo najua inawaangusha, maana mpaka wa chini hauanzi na 1:

Σ (k² + 3), k = 5 hadi 10

Wengi walianza vizuri kwa kugawa: jumla ya miraba peke yake, jumla ya tatu peke yake. Kugawa huko ni halali, kwa sababu ni kupanga upya viongezo tu. Baada ya hapo majibu yakatawanyika, na makosa yalikuwa mawili.

La kwanza: kwa miraba waliondoa zaidi. Jumla ya miraba kuanzia 1 hadi 10 ni 10 × 11 × 21 / 6 = 385. Walitaka kuanzia 5, wakaondoa jumla ya hadi 5, yaani 55, wakapata 330. Lakini 5² tunaihitaji, imo ndani. Kinachoondolewa ni jumla ya hadi 4, yaani 30. Jibu ni 355. Hapo mbao zilisaidia kuliko chaki. Nilichukua vitofali vya gunia nikapanga piramidi ya matabaka matano bila gundi, nikawaambia: nataka matabaka ya 4 na 5 tu, ninyanyue nini? Mmoja akanyanyua kilele mpaka tabaka la 3. Akaacha 16 na 25, yaani 41, na 55 − 14 ni 41. Hakuna aliyetaka kunyanyua tabaka la 4, kwa kuwa alikuwa analiona. Kwenye karatasi halionekani.

La pili: waliandika kwamba kutoka 5 hadi 10 kuna viongezo 5, kwa kuwa 10 − 5 = 5. Hesabu kwa vidole: 5, 6, 7, 8, 9, 10. Ni sita. Ile 3 haina k ndani yake, lakini inarudiwa kila k inapopita, kwa hiyo inatoa 3 × 6 = 18. Wengine waliiandika mara moja tu, kana kwamba ilikuwa nje ya sigma. Jibu kamili ni 355 + 18 = 373. Tulihakiki kwa kufungua yote: 28 + 39 + 52 + 67 + 84 + 103, na ni 373.

Ninachowashauri: viongezo vikiwa sita au saba, fungua sigma yote hata kama una fomula. Inachukua dakika moja, na ndiyo hakimu wako.

10 Aprili: Tabaka la tano

Mwanafunzi mmoja wa kike alinirudisha nyuma kwa swali zuri. "Mwalimu, umetuonyesha nne. Nani amesema kumi inakubali?" Ana haki. Sanduku moja ni mfano mmoja.

Gunia lilikuwa bado na vitofali. Piramidi sita za matabaka matano zinataka 6 × 55 = 330. Katika 538 nilikuwa nimetumia 180, hivyo 358 vilibaki, vinatosha. Tumezibandika wiki hii kwa kona, tatu za kulia na tatu za kushoto, bila kosa hata moja. Sanduku lilitoka 5 kwa 6 kwa 11. Vilibaki vitofali 28, pungufu ya viwili tu kwa piramidi ya saba ya matabaka manne, jambo lililomkera fundi kuliko mimi.

Yule binti hakuridhika, na ndivyo nilivyotaka. Nilimwomba aweke masanduku mawili mezani na kutafuta tofauti yake: 330 − 180 = 150. Akasema 150 ni 6 × 25, yaani kila piramidi imeongezewa kitako kipya cha 5 kwa 5. Nikamwambia aandike hilo kwa herufi badala ya 4 na 5. Tuliandika pamoja ubaoni. Sanduku linalofuata, toa sanduku la sasa:

(n + 1)(n + 2)(2n + 3) − n(n + 1)(2n + 1)

Toa (n + 1) nje, fungua kilichobaki ndani:

(n + 1)[2n² + 7n + 6 − 2n² − n] = (n + 1)(6n + 6) = 6(n + 1)²

Sanduku linapopanda hatua moja, linaongezeka kwa vitako sita vipya, si kimoja zaidi wala pungufu, hata n iwe ngapi. Na sanduku la kwanza kabisa, n = 1, ni 1 × 2 × 3 = 6, yaani vitofali sita kwa piramidi sita za kitofali kimoja kimoja. Ukianza sawa na kila hatua ikiongeza sawa, huwezi kuachana na fomula njiani. Akaangalia ubao, kisha akaangalia mbao, akarudi kukaa.

Mwanzoni mwa hesabu hiyo yeye mwenyewe aliandika 2n + 2 kwenye sanduku linalofuata. Kosa hilo ni la kawaida: 2n + 1 ikipanda hatua moja haiwi 2n + 2. Badala ya n weka (n + 1): 2(n + 1) + 1 = 2n + 3. Masanduku yalimsahihisha kabla yangu, kwa kuwa pande ndefu zilikuwa 9 na 11.

12 Aprili: Fedha

Miti 17 dola 51. Kazi ya fundi, kukata na kupiga randa, dola 25. Kola makopo mawili dola 8. Msasa dola 2. Chukudu ya kubeba gunia kutoka karakana dola 2. Jumla dola 88.

Bila kosa la mraba wa jumla, na kwa seti ya n = 4 peke yake, ningenunua miti 6 kwa dola 18, na kwa kukadiria kazi na vifaa ningemaliza na kama dola 34. Anayetaka seti zote mbili tangu mwanzo anahitaji vitofali 510. Kwa 36 kila mti hiyo ni miti 15, na ningeongeza mmoja kwa ajili ya vinavyokwama kwenye mfereji.

Masanduku sasa yako kwenye kabati la darasa. Kitofali kimoja kutoka kona ya sanduku kubwa kimebanduka kwa sababu ya unyevu wa mvua. Kola ya maji haifai hapa msimu huu, nitakibandika upya kwa ile ya viatu.